Nisomeeni namba za miwani ya mama kwenye picha: 18 au 180?

mjukuu_wa_pangani: Wakuu, karatasi ya miwani ya mama imelowa mvua, imebaki picha tu aliyonitumia dada kwa WhatsApp. Fundi wa miwani anataka namba zimepangwa vizuri. Nimesoma hivi:

```
     SPH   CYL   AXIS
OD   -75   -150  180
OS   PL?   -125  165
```

OD ndiyo kulia, sivyo? Na hiyo PL ni nini?

fundi_lenzi: Ndiyo, OD kulia, OS kushoto. PL maana yake sifuri, kwa hiyo andika 0.00. Ukiacha wazi, fundi atadhani umesahau. Nukta nazo zirudishe. Wengi wetu tukiandika haraka tunaziruka, kwa hiyo -150 ni -1.50. Namba za SPH na CYL huenda kwa robo robo, zinaishia 00, 25, 50 au 75. Ukipata -1.40, jua umesoma vibaya.

Ila hiyo -75 isikupite hivi hivi. Ni -0.75 au -7.50? Mama akivua miwani na kuziba jicho la kushoto, anakutambua ukiwa mlangoni?

mjukuu_wa_pangani: Ananitambua tangu barabarani, na ananiuliza mbona nimekonda.

fundi_lenzi: Basi ni -0.75. Kinachonitia shaka ni 180. Kuna wanaoandika alama ya nyuzi, kile kiduara cha juu, na kwenye picha 18° inageuka 180. Macho mawili mara nyingi huelekeana kama kwenye kioo, na 18 ukijumlisha na 165 unapata 183, karibu na 180. Hiyo ni dalili tu, si ushahidi. Na kwa kuwa 180 ni sawa na 0, ukikosea hapo umekosea nyuzi 18; kwa CYL ya -1.50 mama ataona tofauti.

babu_kijiti: Msisahau CYL siku zote ni ya kutoa. Mkiona jumlisha, wekeni kutoa.

fundi_lenzi: Hapana mzee, hapo utampa mtu miwani ya mwingine. Wako wanaoandika kwa jumlisha. Jicho hilihili la kulia lingeweza kuandikwa -2.25 / +1.50 x 108. Unajumlisha mbili za kwanza, unapata -0.75. CYL inageuka -1.50, na 108 inatolewa 90, inabaki 18. Zinabadilika zote tatu, au usiguse kabisa.

mama_swaumu: Mimi yangu ina ADD +2.00 na nikivaa ngazi zinacheza. Nibadilishe fremu?

fundi_lenzi: Dada, fungua uzi wako, fremu si tatizo la kwanza hapo. Mjukuu, mwambie dada atume tena picha ileile, safari hii kama Document. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa.

mjukuu_wa_pangani: Ameituma. Nikiikuza, ile sifuri ni ndogo kuliko 8 na imekaa juu kidogo. Lakini mwandiko wenyewe unapanda mlima mstari mzima! Nimeandika hivi, kliniki nitawapigia Jumatatu waangalie faili:

```
     SPH    CYL    AXIS
OD   -0.75  -1.50  18?
OS    0.00  -1.25  165
```

fundi_lenzi: Iache hiyo alama ya kuuliza. Lenzi ya kulia isikatwe kwanza.