Faili la kamati ya harusi: ahadi, kadi na sahani mahali pamoja – tupeane uzoefu

Katibu wa Kamati (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za majukumu. Nimekuwa katibu wa kamati mara mbili: sendofu ya dada yangu, kisha harusi ya mdogo wangu wa kiume. Ya kwanza ilituachia deni. Ya pili tulilala hatudaiwi na mtu. Naomba kila aliyewahi kushika kalamu kwenye kamati aeleze alivyopanga mahesabu yake, maana najua wengi mko kwenye vikao sasa hivi.

Nianze na sendofu. Michango ilikuwa kwenye daftari la mweka hazina. Ahadi zilikuwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu ananakili orodha na kuongeza jina lake chini. Idadi ya sahani aliijua mwenyekiti kichwani. Tuliagiza sahani 350 kwa sababu tu kadi zilizochapwa zilikuwa za watu 350. Waliokuja ni 281. Sahani 69 kwa shilingi 22,000 kila moja, hiyo ni 1,518,000 tuliyomlipa mtu wa chakula kwa watu ambao hawakukaa mezani, na wakati huohuo mpambaji alikuwa anatudai. Nakumbuka baba amesimama nyuma ya ukumbi saa saba usiku, anaangalia mahotipoti yaliyojaa wali, hasemi kitu.

Ya harusi nitaeleza chini. Karibuni.

Mweka Hazina wa Jumuiya (Moshi)

Pole sana katibu. Mimi nimeshika fedha za harusi tisa, nitasema jambo moja ambalo watu wengi hulikosea mwanzoni kabisa: wanaandika mchango kwenye mstari wa mgeni. Mtu akilipa mara ya kwanza unaandika 30,000. Akimalizia, unafuta unaandika 50,000. Baada ya wiki mbili anakuuliza, "ile ya kwanza niliyotuma uliiona?" Huna cha kumwonyesha.

Shiti ziwe mbili. Moja iitwe Wageni, mtu mmoja mstari mmoja, na kila mtu apewe namba yake. Nyingine iitwe Malipo, na humo kila fedha inayoingia ni mstari mpya: tarehe, namba ya mtu, kiasi, imepitia wapi. Usifute mstari wowote humo. Kisha kwenye Wageni, kolamu ya alicholipa ijijaze yenyewe:

```
=SUMIF(Malipo!B:B,A2,Malipo!C:C)
```

Nasisitiza namba, si jina. Harusi yangu ya pili tulitumia majina. Mama Mchungaji aliandikwa hivyo, akaandikwa tena "mama mch.", na mara ya tatu jina lilikuwa sawasawa ila mwishoni kulikuwa na nafasi tupu ambayo macho hayaioni. Alilipa laki moja na nusu kwa awamu tatu, faili likamsomea elfu hamsini. Tukampigia simu kumkumbusha. Niliona aibu ambayo sijaisahau, nilienda nyumbani kwake kuomba radhi.

Kijana wa Tehama

Mnajipa kazi bure. Weka ahadi kolamu D, alicholipa E, deni liwe `=D2-E2`, chini weka SUM. Ukitaka kujua wa upande wa bibi harusi wanadaiwa kiasi gani, chuja upande huo na SUM itakuonyesha. Nimefanya hivyo kwa kaka yangu na ilitosha.

Mweka Hazina wa Jumuiya (Moshi)

Mdogo wangu, wazo ni zuri ila kuna mashimo mawili. SUM haijali umechuja au hujachuja, inajumlisha na mistari iliyofichwa. Ukichuja, tumia `=SUBTOTAL(9,F2:F300)`, hiyo ndiyo inayohesabu kinachobaki tu.

La pili ni zito zaidi. Wapo watu wanaolipa kuliko walivyoahidi. Mjomba ameahidi 50,000 akatoa 150,000, deni lake linasomeka hasi 100,000. Wengine wawili wanadaiwa 50,000 kila mmoja. Ukijumlisha kolamu hiyo unapata sifuri, kumbe kuna laki moja nje bado. Andika hivi:

```
=MAX(0,D2-E2)
```

Na angalia watu wanaobandika kiasi kutoka kwenye meseji kikiwa na alama yake, "50,000/=". Hayo kwa Excel ni maneno, si fedha, na jumla inayaruka kimya kimya. Utayajua kwa kuwa yanakaa kushoto mwa kisanduku badala ya kulia. Mimi juu ya shiti ya Malipo naweka hii, na nataka kuona sifuri muda wote:

```
=COUNTA(C2:C400)-COUNT(C2:C400)
```

Kijana wa Tehama

Hilo la MAX sikuwa nalo. Nimefungua faili la kaka sasa hivi, kumbe kulikuwa na hasi nne. Asante dada.

Bi Mkubwa (Mombasa)

Nasoma hapa naona nyinyi mwahesabu sahani. Kwetu sisi hatuna hiyo. Pilau yapikwa nyumbani, watu wala kwenye sinia, na mgeni haulizwi kama atakuja. Ukimuuliza aona kama wamkataza. Nilipomwoza mwanangu, hesabu yangu ilikuwa ya mchele. Mpishi wetu ahesabu kilo moja kwa watu wanane. Hivyo nikaandika majumba, si majina: jumba la mamangu mkubwa watu kumi na wawili, jirani wa mkono wa kulia watu saba. Jumla nikagawanya kwa wanane nikapata kilo, nikaongeza kilo tano za waja na njia. Nyama, viungo na kuni vyafuata kilo za mchele.

Michango yetu nayo huja kwa vitu. Huyu aleta mbuzi, yule gunia la mchele. Vyaandikwaje hivyo kwenye hilo faili?

Mweka Hazina wa Jumuiya (Moshi)

Bi Mkubwa, shikamoo. Kwa vitu mimi huandika bei ya sokoni ya siku hiyo kwenye Malipo, na kiasi hichohicho naandika kwenye bajeti kuwa kimeshatumika upande wa chakula. Ukiandika kwenye mapato tu, faili litakuonyesha fedha ambazo hazipo mkononi. Gunia haliwezi kulipa ukumbi.

Mjumbe Mpya

Samahani, mimi nimeahidi elfu hamsini kwa rafiki yangu wa kazini na nimelipa elfu thelathini. Je, nitapata kadi au sitapata? Naona aibu kuuliza kwenye kundi lao.

Katibu wa Kamati (Dar es Salaam)

Ndugu, hilo waamuzi ni kamati yao. Mpigie katibu wao pembeni, hatakuona vibaya hata kidogo. Sisi hupokea simu kama hizo kila siku. Kwetu kadi ya singo ilikuwa 50,000 na dabo 100,000, na kolamu ya kadi iliamua yenyewe kwa fedha iliyoingia, si kwa ahadi:

```
=IF(E2>=100000,2,IF(E2>=50000,1,0))
```

Sasa nimalizie ya harusi. Kilichotuokoa ni kugawa bajeti mafungu mawili. Fungu la kwanza ni gharama ambazo hazibadiliki hata wakija watu kumi: ukumbi 3,500,000, mapambo 2,800,000, picha na video 1,600,000, mshereheshaji na muziki 1,500,000, keki 600,000. Jumla milioni 10. Fungu la pili ni gharama za kichwa: chakula 22,000 na vinywaji 9,000, yaani 31,000 kwa kila anayekaa.

Siku tano kabla, mtu wa chakula akataka idadi ya mwisho. Ahadi zilisimama 26,350,000. Fedha iliyoingia ilikuwa 17,900,000. Kwenye kikao wajumbe wawili walitaka tuagize 400, "ahadi zitamaliziwa tu." Nikafungua laputopu nikawaonyesha kisanduku kimoja:

```
=INT((17900000-10000000)/31000)
```

Ikasema 254. Kwa ahadi ingesema 527. Kikao kilitulia, mwenyekiti akasema tuende na fedha iliyopo.

Ndani ya hao 254 kuna watu ambao hawana mstari wa mchango na bado wanakula: wazazi, bibi na babu, kwaya, wapiga picha, mshereheshaji na vijana wake. Tuliwahesabu wakafika 24. Kwenye sendofu hatukuwaandika popote.

Kisha simu. Kadi zilizotoka zilikuwa za watu 290. Tuligawana majina wajumbe sita, na swali lilikuwa moja: "Mtakuja wangapi?" Ukiuliza "utakuja?" kila mtu anakubali, ni heshima. Ukiuliza wangapi, mwenye dabo anakwambia mke wake yuko safari, yuko peke yake. Majibu yalikuwa NDIYO, HAPANA au BADO, tumeyafungia kwa Data Validation ili mjumbe asiandike la kwake. "Tuko pamoja" na "Mungu akipenda" tuliandika BADO, tukapiga tena kesho yake. Hesabu ikawa:

```
=SUMIF(G2:G300,"NDIYO",H2:H300)
```

G ni jibu, H ni idadi waliyotaja. Ilitoka 226. Ongeza 24, tukaagiza 250. Waliokuja ni 244. Tulitumia 17,750,000, tukabaki na laki moja na nusu, na kreti za soda ambazo hazikufunguliwa tukarudisha dukani.

Mtoto wa Nakuru

Hongera katibu. Kwetu kamati ilikuwa na michango lakini kadi haikufungwa na mchango, aliyealikwa amealikwa. Kwa hivyo hiyo fomula ya IF haingetufaa. Tulitumia Google Sheets, tukawapa watu wote wa kamati ruhusa ya kuandika, na siku moja mtu akapanga kolamu ya majina pekee kwa alfabeti. Majina yakahama, michango ikabaki palepale. Tulirudisha kupitia Version history, lakini tulipoteza jioni nzima. Tangu hapo wa kuandika ni mmoja, wengine wanatazama.

Mweka Hazina wa Jumuiya (Moshi)

Katibu, nikuulize kitu. Hizo ahadi milioni nane na zaidi ambazo hazikuingia, mliweka orodha ya wadaiwa kwenye kundi? Kamati yangu ya sasa imegawanyika kabisa. Wengine wanasema orodha ikiwekwa kila Jumamosi fedha inaingia. Mimi najua mama mmoja aliyetoka kundini usiku huohuo, na mume wake alikuwa amelazwa.

Katibu wa Kamati (Dar es Salaam)

Tuliweka mara moja. Iliingia kama laki sita ndani ya siku mbili, na binamu yangu mmoja hajanisalimu hadi leo. Sijui ningefanya tofauti au la. Wengine mlifanyaje?