MREJESHO: Taa za ukumbi wa michezo, Iringa

"Kwa macho ukumbi wetu unang'aa vizuri, ila kwenye kamera nyuso za wachezaji ni nyeusi na marudio ya polepole yanapepesa. Nianzie wapi?"

Kamwene wakuu, nimerudi na shukrani nyingi.

Nyuso kwanza. Aliyeniambia nisimamishe kipima mwanga wima, mita 1.5 kutoka sakafuni, kikiitazama kamera, Mungu ambariki. Kikilala kilisoma luksi 800. Kikisimama, 260 tu! Taa zote zilikuwa zinatazama chini. Tuliinamisha safu za pembeni kuelekea katikati, tukapata 520, na nyuso sasa zinaonekana.

Kupepesa kulitusumbua zaidi. Umeme wetu wa mizunguko 50 hufanya taa yenye draiva duni ipande na kushuka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kamera ya picha 200 kwa sekunde hupata picha moja angavu, inayofuata hafifu. Tuligawa taa jirani kwenye fezi tatu kama mlivyoshauri. Katikati ya uwanja palitulia, kwa kuwa mwanga wa taa kadhaa hukutana hapo. Kwenye kona, taa moja ikitawala, hali ilibaki vilevile hadi tulipobadilisha draiva za huko.

Kilichoshindikana ni mng'ao. Kuinamisha taa kumewaumiza wachezaji wa voliboli wanaotazama juu karibu na wavu. Kofia za bati zimepunguza, ila mpangaji mipira bado analalamika, na ninamwamini. Safu iliyo juu ya wavu tutaihamishia pembeni.