Majirani Ntyuka: ukuta wa mawe wa Mama Neema

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Nataka kuzuia udongo nyuma ya nyumba kabla mvua za Desemba hazijaanza. Ukuta wa mawe, kimo mita 1.5 juu ya ardhi, urefu mita 10. Niagize mawe kiasi gani?

Baba Jose: Mimi nilipanga tofali za inchi 6 zilizosimama, uzio ukaisha haraka.

Mama Neema: Baba Jose, huu utasukumwa na udongo. Sio uzio.

Fundi Rajabu: Kwa kimo hicho chini uwe na upana wa sentimita 80, juu 40. Wastani ni 60, kwa hiyo kila mita ya urefu ni mita za ujazo 0.9. Msingi upana mita 1, kina sentimita 40, unaongeza 0.4. Jumla 1.3, mara 10 ni 13.

Elisha: Basi rahisi. Mota inakula theluthi moja, mawe theluthi mbili. Mama Neema agiza mita za ujazo 9.

Fundi Rajabu: Theluthi uko sawa kaka, ila 9 hiyo ni jiwe tupu lisilo na hewa. Kwenye lori mawe yamerundikwa tu. Jaza mawe pipa la lita 200, kisha mimina maji kwa ndoo za lita 20: zitaingia kama 4. Lita 80 ni hewa! Ukutani tunapanga na kugongelea vijiwe kwenye nafasi, ndiyo maana uwazi unapungua. Gawa 9 kwa 0.6 upate 15. Agiza 15.

Elisha: Aa, nimekupata. Tripu ngapi hizo?

Fundi Rajabu: Usihesabu tripu, magari hayalingani. Pima bodi kwa futikamba, urefu, upana na kimo cha mawe yenyewe.

Mama Neema: Na simenti?

Fundi Rajabu: Mota ni kama mita za ujazo 4.3. Ndoo 1 ya simenti kwa 5 za mchanga, inakuja mifuko 27 na mchanga mita za ujazo 5 hivi. Yaani karibu mifuko 3 kila mita. Ukiona mita nzima imekula mfuko 1, ujue katikati wametupia mawe makavu na kupaka mota usoni tu. Simama pale wakijaza moyo wa ukuta.

Shangazi Rehema: Na maji je? Wa kwetu ulipasuka baada ya mvua, haukuwa na tundu hata moja.

Fundi Rajabu: Mabomba kila mita 1.5, nyuma yake kokoto.

Elisha: Mimi ningechanganya 1 kwa 4, huko nyuma kuna mfinyanzi.

Fundi Rajabu: Mfinyanzi dawa yake ni upana na maji kutoka, sio simenti. Mama Neema, udongo wa juu ni tambarare au unapanda?

Mama Neema: Unapanda kidogo kuelekea kwa jirani.

Fundi Rajabu: Hapo sentimita 80 siiamini tena. Usiagize kitu, kesho asubuhi nakuja na pima maji.