Teksi moja kutoka uwanja wa ndege Mwanza, tunashuka vituo tofauti: tugawaneje?

Ziwani_Kwetu: Wakuu, Ijumaa usiku tunatua Mwanza watatu. Dereva anataka 45,000 safari nzima. Mimi nasema 15,000 kila mtu, mmoja amegoma. Nyie huwa mnafanyaje?

Mzee_wa_Sato: Gawaneni sawa, yaishe. Watu wazima mnagombea elfu mbili tatu?

Kikokotoo: Mnashuka wapi? Na kila mmoja akipanda peke yake dereva anamtoza ngapi?

Ziwani_Kwetu: Kirumba 15,000, Mkuyuni 27,000, Buhongwa 45,000.

Kikokotoo: Basi wa Kirumba ana haki ya kugoma. Peke yake angelipa hiyohiyo 15,000, tena bila kuwasubiri na mabegi yenu. Vituo vyote viko njia moja, kwa hiyo kateni safari vipande. Hadi Kirumba mko watatu, elfu tano tano. Kutoka hapo hadi Mkuyuni inaongezeka 12,000, wamebaki wawili, elfu sita sita. Kipande cha mwisho, 18,000, ni cha wa Buhongwa. Inakuwa 5,000, 11,000 na 29,000.

Dada_Pasiansi: Wa Buhongwa mnamkomoa. Pigeni kwa kilomita.

Kikokotoo: Kilomita tupu hazitoshi dada, hata ukishuka hapo Pasiansi dereva ana bei yake ya kuwasha gari. Mkitaka unafuu ulingane, fuateni nauli za peke yenu: jumla 87,000, nyie mnalipa 45,000, kila mtu atoe nusu na kidogo ya nauli yake. Takriban 7,750, 14,000 na 23,250. Mimi bado nasimama na vipande.

Mama_Nyegezi: Hesabu zenu nzuri, ila hela ikusanywe kabla gari halijaondoka! Mimi nilipanda na wawili tuliojuana foleni ya mabegi. Wa kwanza kashuka, "dada nakurushia kwa simu sasa hivi." Wa pili vilevile. Nafika Nyegezi, dereva ananidai yote, na ana haki, yeye alikubaliana bei ya gari. Wale namba zao nilikuwa sijachukua. Tangu hapo, hujatoa hela hupandi.

Rock_City_Boy: Daladala zipo, teksi ya nini?

Mama_Nyegezi: Usiku na mabegi, mwanangu?

Igoma_Juu: Na mimi wa Igoma nikiungana nao?

Kikokotoo: Wewe hauko njiani. Mjini gari linakata kwenda upande wako halafu lirudi kufuata Buhongwa. Dereva atapandisha bei, na nyongeza yote ya huo mzunguko ni yako. Ikizidi nauli yako ya peke yako, chukua gari lako.

Mzee_wa_Sato: Mleta mada, wewe unashuka wapi?

Ziwani_Kwetu: Buhongwa.

Mzee_wa_Sato: 😂😂

Ziwani_Kwetu: Ila wa Mkuyuni anakuja na mkewe. Huyo anahesabiwa?

Dada_Pasiansi: Kiti anakaa, anahesabiwa.

Mzee_wa_Sato: Wanashuka mlango mmoja, ni mtu mmoja.