Paa linavuja, mkandarasi mkuu amefilisika, na aliyepaka tabaka la kuzuia maji anasema "sina mkataba na wewe". Naweza kumdai?

MwenyePaa aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mawazo.

Nilijenga jengo la ghorofa mbili lenye paa la zege. Mkataba niliusaini na mkandarasi mkuu tu. Yeye akampa mkandarasi mdogo kazi ya kupaka tabaka la kuzuia maji juu ya paa, na ndiye aliyemlipa. Mwaka wa pili maji yakaanza kupenya kwenye dari. Fundi niliyemleta kukagua alibandua kipande na kukuta tabaka limetandazwa juu ya zege lenye vumbi, halikushika kabisa. Linabidi litolewe lote na kupakwa upya.

Mkandarasi mkuu amefilisika, yuko chini ya mfilisi. Nimemwandikia yule mkandarasi mdogo, akajibu kwa upole kwamba mkataba wake ulikuwa na mkandarasi mkuu, na kwamba mimi ni mtu wa tatu. Cheti cha dhamana ya miaka 10 kipo, lakini sehemu ya jina la mteja imeandikwa jina la mkandarasi mkuu.

Je, ndiyo basi?

Haki_Yako alijibu:

Pole sana ndugu. Siyo basi hata kidogo. Mshitaki kwa uzembe. Kuna kesi maarufu ya mwaka 1932, Donoghue dhidi ya Stevenson: mama alikunywa kinywaji alichonunuliwa na rafiki yake, ndani kukawa na mabaki ya konokono. Hakuwa na mkataba na muuzaji wala na mtengenezaji, lakini mahakama ilisema mtengenezaji ana wajibu kwake. Paa lako ni vilevile. Mkataba hauhitajiki.

Kalamu_ya_Mkataba alijibu:

Haki_Yako, kesi hiyo ni kweli, ila hapa haimfikishi mbali. Yule mama aliumwa. MwenyePaa hajaumia na mali yake nyingine haijaharibika sana; alichonacho ni kitu kibovu na gharama ya kukitengeneza. Mahakama ya juu ya Uingereza ililikataa dai la aina hiyo mwaka 1990, kesi ya Murphy dhidi ya Brentwood: ubovu wa jengo lenyewe ni hasara ya fedha tu, na mahali pake ni kwenye mkataba. Kama maji yameharibu samani au mitambo yake, hizo anaweza kuzidai kwa uzembe. Gharama ya kupaka paa upya, vigumu. Zipo nchi zilizokwenda njia nyingine, kwa hiyo wakili wa kwako aangalie msimamo wa mahakama zenu.

MwenyePaa, kabla hatujaenda mbele nataka kujua jambo moja. Nani alimchagua huyu mkandarasi mdogo? Na je, kuna wakati wowote alizungumza na wewe moja kwa moja kuhusu kazi yake?

BiMkubwa_K alijibu:

Jamani na mimi niingilie hapo hapo kwenye mtu wa tatu. Marehemu kaka yangu alimwachia mwanawe biashara akiwa hai, kwa maandishi kwamba kijana atanilipa mimi shangazi yake kiasi fulani kila mwezi hadi nife. Kaka alipofariki kijana akaacha kulipa. Ananiambia shangazi, wewe hukusaini. Nifanyeje?

Kalamu_ya_Mkataba alijibu:

Pole Bi Mkubwa. Kesi yako karibu ifanane na ya Beswick, Uingereza, 1967. Mzee alimpa mpwa wake biashara ya makaa, mpwa akaahidi kumlipa mjane kila wiki. Mjane alipodai kwa jina lake mwenyewe, alikwama. Aliposhtaki kama msimamizi wa mirathi ya mumewe, alishinda, na mpwa akaamriwa atimize alichoahidi. Anayesimama mahali pa marehemu ndiye mwenye mkataba. Msimamizi wa mirathi ya kaka ni nani?

BiMkubwa_K alijibu:

Ni huyo huyo kijana.

Kalamu_ya_Mkataba alijibu:

Hapo ni pagumu, hawezi kujishtaki. Itabidi uulize mahakama ya mirathi kama anaweza kuondolewa au akaongezwa msimamizi wa pili. Fungua uzi wako, tutakuja.

MwenyePaa aliandika:

Kalamu, asante. Mkandarasi mkuu alileta majina mawili. Nilimpigia huyu mwenyewe, akanitumia ujumbe: "Mali yetu inakaa miaka 10 bila kuvuja, nakuhakikishia." Nikamwambia mkandarasi mkuu amchukue yeye, ingawa bei yake ilikuwa juu. Kazi ilipoisha alinitumia tena ujumbe wa sauti akirudia dhamana hiyo.

Kalamu_ya_Mkataba alijibu:

Huo ujumbe wa kwanza ndio mali yako. Utunze kwenye simu ile ile, usiishie kuupiga picha tu.

Mwaka 1951 wenye gati la Shanklin, Uingereza, walikuwa katika hali kama yako. Mwenye kiwanda cha rangi aliwaambia wao moja kwa moja kwamba rangi yake ingedumu miaka 7 hadi 10. Wakamwagiza mkandarasi wao ainunue. Ilidumu miezi 3 hivi. Mkataba wa kuuziana rangi ulikuwa kati ya kiwanda na mkandarasi, lakini mahakama ilikuta mkataba wa pili, wa pembeni, kati ya kiwanda na wenye gati: ninyi mkimfanya mkandarasi anunue kwetu, sisi tunawaahidi ubora. Kitendo cha kuwaelekezea kazi kilitosha kuwa upande wao wa makubaliano. Wewe hukulipa senti kwa mkono wako, lakini ulimpelekea kazi asiyokuwa nayo.

Ule ujumbe wa sauti usiutegemee. Ulikuja kazi ikiwa imekwisha, hukutoa chochote kwa ajili yake. Unafaa tu kuonyesha kwamba hata yeye alijiona amekuahidi wewe. Tarehe ndiyo itakayobishaniwa: je, ujumbe wa kwanza ulitangulia agizo lako kwa mkandarasi mkuu?

FundiZege alijibu:

Mimi ni mkandarasi mdogo, niseme upande wetu. Mara nyingi mkandarasi mkuu anafilisika akiwa hajatulipa. Mwulize kama alilipwa yote.

Kalamu_ya_Mkataba alijibu:

Swali zuri sana, maana linagusa njia ya pili. MwenyePaa anaweza kumwomba mfilisi amhamishie haki za mkandarasi mkuu dhidi ya mkandarasi mdogo, kwa maandishi, kisha mkandarasi mdogo apewe taarifa. Wafilisi huuza madai ya namna hiyo. Ila anayehamishiwa haki huichukua na kasoro zake. Kama ukarabati ni 100 na mkandarasi mdogo anadai 30 ambazo hakulipwa kwenye kazi hiyo hiyo, atakata, utabaki na 70. Pia soma mkataba wao: wengi huweka kifungu kinachokataza kuhamisha bila ridhaa.

Haki_Yako alijibu:

Na sheria ya Uingereza ya 1999 inayompa mtu wa tatu haki? Si inamaliza kila kitu?

Kalamu_ya_Mkataba alijibu:

Kwa nchi zenye sheria ya namna hiyo, inasaidia pale mkataba unaposema wazi kwamba mtu wa tatu anaweza kudai, au kipengele kinapokusudia kumnufaisha na anatambulika kwa jina au kwa maelezo. Lakini wahusika wanaruhusiwa kuifunga, na mikataba mingi ya ujenzi ina sentensi moja tu ya kufanya hivyo. Ndiyo maana nasema aupate mkataba wao kwanza. Mfilisi anao.

Haki_Yako alijibu:

Lakini mkandarasi mkuu mwenyewe hajatoa hela ya kutengeneza paa. Mfilisi atahamisha hasara gani?

Kalamu_ya_Mkataba alijibu:

Hoja hiyo wataileta. Mimi naona hasara yake ni deni la fidia analodaiwa na MwenyePaa, na kufilisika hakulifuti. Wapo mawakili wasiokubaliana nami.

MwenyePaa aliandika:

Nimeangalia. Ujumbe wa kwanza ulinifikia asubuhi, na barua pepe ya kumwambia mkandarasi mkuu amchukue niliituma jioni ya siku hiyo hiyo. Ila kwenye barua sikutaja miaka 10, nimeandika tu "tumchukue huyu wa pili".

Kalamu_ya_Mkataba alijibu:

Mfuatano huo wa saa unatosha kuanzia. Mwandikie mfilisi wiki hii uombe nakala ya mkataba wao, na usisubiri jibu lake ndipo uhesabu muda wa ukomo wa kufungua kesi. Uingereza kwa mkataba wa kawaida ni miaka 6 tangu ahadi ivunjwe, si tangu ulipoona maji, na kwenu huenda ni tofauti. Na kabla hujabandua tabaka lote, mwalike mkandarasi mdogo kwa maandishi aje akague, upige picha za zege lile lenye vumbi akiwepo au akikataa kuja.