Wametukata faini miezi mitatu kwa "NJE YA ENEO" wakati tumekaa katikati ya Kirumba!

Mwana_Mabatini (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimechoka na nimekasirika kweli kweli. Mdogo wangu anaendesha bodaboda ya kupeleka oda za chakula kupitia apu moja hapa Mwanza, siitaji. Kanda yake ni Kirumba. Dereva akipokea oda akiwa nje ya kanda yake anakatwa Sh 3,000. Mwezi uliopita dogo amekatwa mara 13, yaani Sh 39,000, na mara zote 13 ananiapia hakutoka Kirumba.

Nilidhani anadanganya, nikamfuata kijiweni. Amekaa juu ya pikipiki chini ya mwarobaini, foili ya sato wa kukaanga mkononi bado ya moto, na simu inawaka utepe mwekundu: NJE YA ENEO. Mpaka wa kanda uko zaidi ya nusu kilomita kutoka pale! Tukasukuma pikipiki kama mita 100 kuelekea kusini, utepe ukawa kijani. Tukarudi chini ya mti, mwekundu tena.

Huduma kwa wateja jibu lao ni lile lile kila siku: "zima GPS uwashe." Miezi mitatu!

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Ukurasa wao wa madereva unapima eneo ndani ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo msimbo unasomeka. Wanatumia njia ya kurusha mwale: kutoka ilipo simu, chora mstari ulionyooka kuelekea mashariki, hesabu umekata kuta ngapi za poligoni. Zikiwa witiri uko ndani, zikiwa shufwa uko nje. Njia ni nzuri na ya siku nyingi. Walivyoiandika ndipo palipo na ubovu:

```js
if (y >= Math.min(yi, yj) && y <= Math.max(yi, yj)) {
  const xk = xi + (y - yi) * (xj - xi) / (yj - yi);
  if (xk > x) ndani = !ndani;
}
```

Tazameni `>=` na `<=`. Ukuta unahesabiwa pamoja na ncha zake zote mbili. Mwale ukipita juu ya kona hasa, ile kona ni ncha ya kuta mbili, kwa hiyo inahesabiwa mara mbili.

Hizi ndizo kona za kanda. Nimezisogeza kidogo ili nisiwatangaze, ila umbo ni lile lile, longitudo kwanza:

```
A 32.890, -2.510
B 32.904, -2.512
C 32.908, -2.502
D 32.900, -2.494
E 32.888, -2.498
```

Dogo yuko `32.897, -2.502`. Mwale unakwenda mashariki, unaigonga kona C. Ukuta B-C umehesabiwa, ukuta C-D umehesabiwa. Ukuta E-A uko nyuma yake, hauhusiki. Jumla mbili, shufwa, faini! Shuka hadi `-2.503`, mwale unakata B-C peke yake. Moja. Uko ndani.

Mtasema kuigonga kona sawasawa ni bahati mbaya ya mara moja kwa mwaka. Ingekuwa hivyo, kama wasingekuwa wanakata desimali. Eti kuokoa bando, wanabakiza desimali tatu za mahali ulipo, na kona nazo wamezichora kwa desimali tatu. Desimali ya tatu ya latitudo ni kama mita 110 ardhini. Kwa hiyo ukanda mzima wa upana wa mita 110, kutoka ukuta wa magharibi hadi karibu na kona C, kama kilomita mbili, wote unasomeka `-2.502`. Kila dereva anayesimama humo yuko "nje".

Nimechapisha faini zote 13 za dogo. Longitudo zinatofautiana, kuanzia `32.893` hadi `32.905`. Latitudo ni `-2.502` zote kumi na tatu. GPS ikicheza, nukta hutawanyika na makosa hujaa karibu na mpaka. Hizi zimejipanga mstari mmoja katikati ya kanda!

Fundi_Pasiansi

Pole mkuu. Ila dawa ni rahisi, waambie waweke desimali sita, tatizo linaisha leo hii. Hakuna haja ya kugusa msimbo.

Dada_Ramani

Fundi, utakuwa umeupunguza ugonjwa, hujautibu. Kwa desimali sita hatua ni kama sentimita 11, kwa hiyo kugonga kona kunakuwa nadra sana. Lakini siku ikitokea hutaweza kuirudia, na dereva ataitwa mwongo tena. Mstari mmoja unatosha:

```js
if ((yi > y) !== (yj > y)) {
```

Ncha iliyo juu ya mwale inahesabiwa juu, ncha iliyo sawa na mwale inahesabiwa chini. Kwa mfano wa mwanzisha uzi, B na C zote ziko chini, ukuta huo haukatwi. C chini, D juu, umekatwa. Jumla moja, dogo yuko ndani. Desimali waongeze pia, ila hilo ni jambo jingine.

Kaka, kuna jambo umelipita. Kona D na B hazina madhara, kwa sababu kuta zake zote mbili ziko upande mmoja wa mwale, ukihesabu mbili au sifuri jibu halibadiliki. Hatari ni kona ambazo ukuta mmoja unapanda na mwingine unashuka: A, C na E. Na kosa linakwenda pande zote mbili. Jaribu `32.880, -2.498`, karibu mita 900 magharibi ya E, upande wa ziwa. Kona E mara mbili, ukuta C-D mara moja, jumla tatu. Mtu aliye nje kabisa anasomeka yuko ndani.

Mwana_Mabatini

Nimejaribu sasa hivi. Tatu! Kwa hiyo kuna wengine wanapokea oda za Kirumba wakiwa nje na hawakatwi kitu, na dogo analipa.

Mama_Dagaa

Jamani na mimi pikapu yangu ina kifaa cha kufuatilia. Ikivuka na kivuko kwenda Kamanga, ramani inaonyesha bado iko mjini na dereva ananipigia yuko ng'ambo. Ndiyo kona hizo hizo?

Dada_Ramani

Mama, lako huenda ni jingine. Angalia saa iliyoandikwa kwenye nukta ya mwisho. Kama ni ya kabla gari halijapanda kivuko, kifaa hakijatuma nukta mpya, hapo poligoni haina kosa.

Fundi_Pasiansi

Sawa nimekuelewa dada. Na aliyesimama juu ya ukuta wenyewe je?

Dada_Ramani

Hapo mwale hauna jibu la haki. Kwa mstari ule, ukuta mmoja utamweka ndani na wa upande wa pili utamweka nje. Mimi ningeacha mita 30 kandokando ya mpaka bila faini.

Fundi_Pasiansi

Mita 30 ni chache. Pale kwenye majengo marefu simu yangu huruka zaidi ya hapo.

Boda_Igoma_77

Mwanzisha uzi, mimi niko kanda nyingine, apu hiyo hiyo. Nimefungua faini zangu baada ya kusoma hapa. Nane. Saba zina latitudo moja, ya nane niko mpakani kweli, hiyo nakubali. Picha za skrini ninazo zote, na tarehe. Nizitume wapi?