Tumegeuzwa watumishi wa simba kwenye kampeni yetu wenyewe!

Kuhani_wa_Ntinda:
Wakuu, nimechoka. Miezi minane tunacheza mchezo wetu wa dadu na hadithi kila Jumamosi hapa Kampala, wachezaji sita na mwendesha mchezo. Wiki iliyopita nimetoka zamu ya usiku, nafungua Wasapu, nakuta kundi letu limeshapewa jina: Wana wa Mpologoma, yaani simba kwa Kiganda. Kura imefunguliwa saa tano usiku, imefungwa kabla ya alfajiri. Wanne wamekubali. Mimi nilikuwa kazini na mwenzangu wa Gulu alikuwa amelala.

Simba huyo anatoka wapi? Ni alama ya ngao ya shujaa wetu paladini, na paladini anachezwa na mwenye nyumba tunamochezea! Basi Jumamosi tumeingia mjini, mwenye hoteli kwenye hadithi anamwambia paladini "karibu, mwana wa simba", anampa chumba, anampa habari za handaki. Mimi na kuhani wangu mbilikimo tunaulizwa kama tunabeba mizigo. Mwenzangu wa Gulu kasema taratibu, "Baganda humwita Kabaka Empologoma. Mimi Mwacholi nakuwaje mwana wake?" Wakacheka. Yeye hakucheka.

Chipukizi88:
Dada, suluhisho ni dogo tu. Wekeni jina la Kiswahili. Kiswahili hakina kabila, hakuna atakayeudhika.

Katibu_wa_Kikundi:
Poleni sana. Jina la kikundi lisibadilishwe kwa Wasapu. Itisheni mkutano, akidi itimie, mwandike muhtasari, kisha mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii. Na kama kampeni ni ya chama, mgombea wenu ni nani?

Kuhani_wa_Ntinda:
Katibu, ni mchezo wa dadu na hadithi, mezani. Mgombea wetu ana pembe na mkia.

Nnyabo_Bombo:
Chipukizi, taratibu. Mama mkwe wangu ni wa Luwero. Kiswahili alikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabara, kwa askari mwenye bunduki. Kwake hiyo si lugha isiyo na mwenyewe. Vijana wa mezani wanaweza wasijali, lakini uliza kwanza.

Mwana_Arua:
Yetu ilikuwa mbaya zaidi. Tulijiita Ndugu Watano. Mwezi wa tatu akaja mchezaji wa sita. Kila tukijitambulisha kwa mlinzi wa lango, binti yule anatazama dadu zake. Halafu mganga wetu akauawa na joka, tukarudi watano kweli, naye akahisi ameingia kwa kiti cha marehemu. Akaacha kuja. Na "ndugu" nayo inawatenga wanawake.

Mzee_Kete:
Mwana Arua, namba ndiyo iliyowaponza. Ndugu ni wa kike na wa kiume, hapo umekosea.

Dada Kuhani, kura ya wengi haifai kwa jina, kwa sababu walioshindwa watalitamka kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Mimi hufanya hivi: kila mtu analeta majina mawili kwenye karatasi, bila kuandika lake. Yanasomwa kwa sauti. Yeyote anaweza kugusa karatasi moja ikaondolewa, na haulizwi sababu. Hilo nimelitoa kwenye ile karata ya X ya John Stavropoulos, unayoigusa jambo likikukera mezani. Mwenzako wa Gulu asingelazimika kueleza habari za Kabaka mbele ya watu wanaocheka. Yanayobaki ndiyo mnapanga.

Na msichukue jina kwenye ngao ya mtu mmoja. Tafuteni tukio ambalo wote mlikuwamo na kila mmoja alirusha dadu. Mnalo?

Kuhani_wa_Ntinda:
Lipo! Kikao cha nne, korongo. Daraja limekatika, tumejifunga kamba moja wote sita. Mwendesha mchezo akataka jaribio la kundi: kila mtu arushe dadu ya nyuso 20, nusu wakifikisha 13 basi wote tunavuka. Mimi nilipata 4. Paladini na deraya yake, 6. Mwizi alipita, mpiga upinde wa Gulu alipita, mganga akaangukia 9. Wa mwisho alikuwa kijana wa Jinja, asiyesema kitu kwa kawaida. Kapata 17! Tulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Mzee_Kete:
Hapo ndipo jina lenu lilipo. Paladini mwenyewe alivutwa na wengine.

Kuhani_wa_Ntinda:
Kamba Moja. Naliandika kwenye karatasi Jumamosi, na mwenye nyumba akigusa karatasi yangu nitakubali. Ila ya simba naigusa mimi kabla hajakaa.

Mkenya_Mpole:
Huku Nairobi mtaulizwa kwa nini mmewaacha Wajaluo.

Chipukizi88:
Na kupiga kamba si kudanganya?

Kuhani_wa_Ntinda:
Mwizi wetu kasoma hilo, tayari analitaka. Kuhani wangu ana kiapo cha kutosema uongo. Mzee Kete, bado upo?